Dakika saba mbele ya mameneja: namna ninavyoeleza matokeo ya regresheni

Kazi yangu ni takwimu za mauzo, na sehemu ngumu ya kazi hiyo haiko kwenye kompyuta. Iko kwenye chumba cha mkutano saa nne asubuhi, wakati meneja mauzo, meneja usafirishaji na mkurugenzi wa fedha wamekaa wanakutazama, na ajenda imekupa dakika saba katikati ya bajeti ya magari na likizo za wafanyakazi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusoma regresheni, na hawana haja ya kuisoma. Wanataka kujua wafanye nini.

Nitaeleza kwa mfano mmoja. Ni kampuni ya kusambaza unga wa sembe kwa maduka ya rejareja, Dar es Salaam hadi Kibaha na Mlandizi. Namba nimezibadilisha ili isitambulike, lakini hesabu yenyewe ndivyo ilivyokwenda. Swali lilikuwa hili: duka likicheleweshewa mzigo, linapunguza oda? Nilikuwa na maduka 240, na kwa kila duka wastani wa mifuko ya kilo 25 inayoagizwa kwa wiki, wastani wa siku za kuchelewa, umbali kutoka ghalani na ukubwa wa duka. Mstari uliohusu ucheleweshaji ulitoka hivi:

```
                   coef   std err        t   P>|t|   [0.025   0.975]
siku_kuchelewa  -2.1000     0.510   -4.118   0.000   -3.105   -1.095
```

Jedwali hili silipeleki mkutanoni. Ukiliweka ukutani, mkurugenzi wa fedha ataanza kuuliza kila safu maana yake nini, na dakika saba zitaishia kwenye `std err`. Nalichapa, nalikunja na kuliweka kwenye begi, endapo atatokea mtu wa kutaka kuliona.

Ninachopeleka ni sentensi moja inayolinganisha maduka mawili. Naitamka mwanzoni kabisa, kabla ya kueleza takwimu zilitoka wapi: “Ukichukua maduka mawili yenye ukubwa sawa, yaliyo umbali sawa kutoka ghalani, lile linalocheleweshewa mzigo siku moja zaidi huagiza mifuko kama miwili pungufu kwa wiki.”

Kila neno humo lina kazi. “Yenye ukubwa sawa, umbali sawa” ndiyo maana ya kuwa na vitu vingine ndani ya hesabu, na imeelezwa bila kutaja istilahi yoyote. “Kama miwili” ni kwa sababu 2.1 inampa msikilizaji picha ya uhakika tusio nao. Na angalia kitenzi: nimesema duka linalocheleweshewa *huagiza* pungufu. Sikusema kuchelewa *kunapunguza* oda. Tofauti hiyo ni ndogo masikioni ila ni kubwa mno kwenye uamuzi, na nitairudia.

Siku ile sikumaliza hata dakika mbili kabla meneja mauzo hajanikatiza. “Dada, mimi nimepiga hesabu hiyo hiyo kwenye Excel, nikapata karibu mifuko sita kwa siku. Wewe unasema miwili. Nani yuko sahihi?”

Swali hili lije lisije, jiandae nalo, kwa sababu karibu kila mara kuna mtu ndani ya chumba aliyechora mstari wake mwenyewe. Jibu baya ni “nimedhibiti vigezo vingine”. Ni kweli, lakini kwa asiye wa fani linasikika kama umeificha mifuko minne mfukoni. Mimi nilichukua kalamu nikaenda ubaoni.

Nikawaambia tuchukue maduka 20 tu ya kubuni: 10 yanapata mzigo kwa wakati, 10 yanachelewa siku mbili. Maduka ya karibu, kama Manzese na Sinza, yakipata mzigo kwa wakati huagiza mifuko 30, yakichelewa huagiza 26. Ya mbali, kule Mlandizi, yakipata kwa wakati huagiza 18, yakichelewa 14. Kote kuwili pengo ni mifuko minne kwa siku mbili, yaani miwili kwa siku. Hapo kila mtu aliitikia kwa kichwa.

Kisha nikauliza: yale 10 yanayopata kwa wakati yako wapi? Meneja usafirishaji akajibu mwenyewe, “Mengi ni ya karibu.” Tukaandika 8 ya karibu na 2 ya mbali. Na yanayochelewa? Kinyume chake: 2 ya karibu, 8 ya mbali. Sasa piga wastani bila kujali umbali. Kundi la kwanza linatoka mifuko 27.6, kundi la pili 16.4. Pengo ni 11.2 kwa siku mbili, yaani 5.6 kwa siku. Hiyo ndiyo sita ya meneja mauzo. Hakukosea kujumlisha, wastani wake ulibeba ndani yake ukweli kwamba Mlandizi huagiza kidogo hata gari likifika alfajiri.

Hapo ndipo natumia muda mwingi kuliko popote. Mtu akishaona kwa macho yake namba sita ikigeuka mbili ubaoni, huhitaji tena kumweleza regresheni ni nini. Ameshaielewa: ni kulinganisha wa karibu na wa karibu, wa mbali na wa mbali, kisha kuunganisha majibu. Pia mwambie kwa uwazi kwamba hesabu hii inasawazisha vile tu tulivyovipima. Kama karibu na maduka yanayochelewa kuna mashine ya kusaga inayouza unga wa bei poa, na sisi hatukuliandika hilo popote, bado limejificha ndani ya ile mifuko miwili.

Baada ya hapo unakuja upana wa makadirio, ule wa kati ya mifuko 1.1 na 3.1 ulio kwenye safu mbili za mwisho za jedwali. Watu wengi wa fani huupitia haraka au kuuacha kabisa, wakihofia mameneja watasema “kumbe hamna uhakika”. Mimi naona ndiyo sehemu yenye manufaa zaidi kwa mkurugenzi wa fedha, mradi usiseme “kiwango cha kujiamini cha asilimia 95” ukaishia hapo. Ugeuze kuwa shilingi. Siku moja kabla ya mkutano nilimpigia yeye mwenyewe nikamwomba faida ya mfuko mmoja. Akanipa 1,500. Ni muhimu namba hiyo itoke kwake, kwa sababu hawezi kubishana nayo mbele ya wenzake.

Duka la wastani lilikuwa linacheleweshewa siku moja na nusu. Zidisha kwa maduka 240, kisha kwa 1.1, 2.1 na 3.1, halafu kata iwe namba za kusemeka. Nikawaambia: “Kama kuchelewa ndiko kunakopunguza oda, na kama tutaweza kukuondoa kote, tunaongelea kati ya mifuko 400 na 1,100 kwa wiki, kadirio la katikati likiwa 750. Kwa faida ni kati ya laki sita na milioni moja na laki sita na nusu, katikati ikiwa kama milioni moja na laki moja.” Kisha nikanyamaza. Gari la kukodi lililokuwa kwenye ajenda, pamoja na dereva na mafuta, lilikuwa laki tisa kwa wiki. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwenye kadirio la katikati gari linalipa, kwenye la chini tunakula hasara ya laki tatu kila wiki. Ningetoa namba moja tu ya katikati, gari lingepitishwa pale pale.

Kuna swali jingine ambalo hujitokeza kwa mtu aliyesoma takwimu kidogo chuoni. Anauliza R² ni ngapi. Yetu ilikuwa 0.34, naye akasema, “Kwa hiyo asilimia 66 hamjui?” Jibu langu ni fupi: oda za duka moja na jingine zinatofautiana kwa sababu nyingi, mwenye duka ana mtaji kiasi gani, jirani yake ni nani, msikiti au stendi iko wapi. Theluthi moja ya tofauti hizo inaendana na umbali, ukubwa na ucheleweshaji. Zilizobaki zina maana kwamba nisithubutu kutabiri oda ya duka moja moja. Hazina maana kwamba ile mifuko miwili ya wastani imekosewa. Usivutwe zaidi ya hapo, rudi kwenye mada.

Na mada ni yale maneno “kama kuchelewa ndiko”. Hapa usimwachie msikilizaji abunie mwenyewe. Mpe sababu mbadala iliyo hai. Nilikuwa nimezungumza na karani wa ghala kabla ya mkutano, nikamuuliza anapangaje ruti. Akaniambia wateja wa oda kubwa ndio huwekwa kwanza kwenye gari, wadogo hupewa nafasi ikibaki. Yaani inawezekana kabisa kwamba maduka yanacheleweshewa kwa kuwa yanaagiza kidogo, na mshale umegeukia upande wa pili. Regresheni ile ile, kwa takwimu zile zile, ingetoa namba hasi vile vile. Ukubwa wa duka tulioingiza unasaidia kiasi, lakini duka kubwa linaweza kuwa na oda ndogo, na karani anaangalia oda.

Nilipotaja hilo, meneja usafirishaji alicheka akasema ni kweli, ndivyo wanavyofanya. Kauli hiyo moja ilikuwa na uzito kuliko slaidi zangu zote mbili.

Usiwaache hapo na shaka mkononi. Malizia kwa kuomba kitu kimoja kinachoweza kufanyika. Mimi niliomba wiki nane kwenye ruti ya Kibaha peke yake: maduka yote ya ruti hiyo yaandikwe kwenye vikaratasi, nusu yachotwe kwa bahati nasibu, na hayo yapewe nafasi ya kwanza kwenye gari bila kuangalia ukubwa wa oda. Bahati nasibu ni lazima. Ukimwachia karani achague, atachagua wateja wake wazuri, na tutarudi kule kule. Wiki mbili za mwanzo tusizihesabu, kwa sababu mwenye duka huchukua muda kuamini kwamba gari sasa linakuja. Baada ya hapo tulinganishe oda za nusu hii na nusu ile.

Mkurugenzi wa fedha aliuliza jaribio litagharimu kiasi gani. Nikamjibu ni mafuta ya kupanga upya mzunguko, magari ni yale yale. Meneja mauzo akataka wateja wake watatu wakubwa wasiguswe. Tukakubaliana watolewe kwenye orodha kabla vikaratasi havijachotwa, siyo baada.