Wadogo zangu, pimeni urefu wa zao kabla ya kuita fft

Wiki hii nimepitia misimbo ya wageni watatu waliopewa kazi moja: kuzidisha polinomia mbili kubwa kwa haraka. Njia ni fft, yaani badiliko la haraka la Fourier, na wanaijua vizuri. Wanabadilisha polinomia ya kwanza, A, wanabadilisha ya pili, B, wanazidisha thamani nukta kwa nukta, kisha wanarudisha kwa badiliko kinyume. Na wote watatu wamejikwaa kwenye kisiki kilekile kilichoning'oa kucha mimi. Inaniuma, kwa sababu najua siku ngapi kinakula.

1. Urefu wa safu hutokana na zao, si na polinomia iliyo ndefu zaidi.

Mimi nilikuwa na polinomia mbili, kila moja ina koefisienti 600. Nikatafuta kipeo cha 2 kinachozitosha, nikapata 1024, nikajaza sifuri na kuendelea. Lakini zao lina koefisienti 600 + 600 − 1, yaani 1199. Zile 175 za mwisho zilikosa pa kukaa, zikarudi mwanzo na kujumlishwa juu ya 175 za kwanza. Programu haikulalamika hata kidogo.

Kilichoniponza zaidi ni kipimo nilichokiamini. Nilijumlisha koefisienti zote za jibu, nikalinganisha na jumla ya A mara jumla ya B, yaani nilipima kwa x = 1. Zikalingana. Nikapima kwa x = −1, zikalingana tena. Basi nikaamua kosa ni la desimali, nikatumia siku tatu kuandika upya mizizi ya 1 kwa usahihi zaidi, na jibu halikusogea. Siku ya nne ndipo nilipochukua kalamu na mfano mdogo:

A = 1 + 2x + 3x², B = 4 + 5x + 6x²

Kwa mkono, zao ni 4, 13, 28, 27, 18. Kwa safu ya urefu wa 4 nilipata 22, 13, 28, 27. Itazame ile 22: ni 4 na 18 zilizobebana. Sasa zijumlishe: safu zote mbili zinatoa 90, sawa na 6 × 15. Kwa x = −1 zote mbili zinatoa 10. Kipimo changu kisingeweza kuliona kosa hili hata ningekirudia mwaka mzima.

Sababu yake ni kwamba badiliko la urefu wa 4 linaijua polinomia kwenye nukta nne tu, na kila moja ya nukta hizo ikipandishwa kipeo cha 4 inatoa 1. Hapo x⁴ na 1 ni kitu kimoja. Na 1 na −1 nilizopimia zimo miongoni mwa nukta hizohizo! Pimeni kwa x = 2: A inatoa 17, B inatoa 38, na 17 × 38 ni 646. Safu sahihi inatoa 646, ile mbovu 376. Kuna dalili nyepesi zaidi pia: koefisienti ya kwanza ya jibu lazima iwe a₀ × b₀. Hapa ni 4, na ukiona 22 usiguse kitu kingine kabla ya kurekebisha urefu.

```cpp
int n = 1;
while (n < a.size() + b.size() - 1) n *= 2;
```

2. Jibu lote likitoka kubwa mara n, umesahau kugawanya kwa n kwenye badiliko kinyume.

3. Tumieni `llround`, si `(int)`.

27 hurudi ikiwa 26.9999999, na `(int)` huikata ikabaki 26. Mmoja wa hawa vijana alikuwa na koefisienti zilizopungua moja hapa na pale, akadhani anasoma faili vibaya. Lakini `llround` nayo ina mpaka wake. Polinomia zenye koefisienti laki moja, kila moja ikikaribia 10⁹, zinaweza kutoa koefisienti inayokaribia 10²³, na `double` hushika namba nzima zote bila kosa hadi 2⁵³ tu, yaani kama 9 × 10¹⁵. Ikiwa mnahitaji tu baki za kugawanya kwa namba tasa 998244353, ambayo ni 119 × 2²³ + 1, fanyeni badiliko kwa baki hizo, kwa mzizi asili 3. Hapo desimali hazimo kabisa, ila urefu wa safu usizidi 2²³, na ile hesabu ya urefu ya kipengele cha 1 iko palepale: hata huku, safu fupi huzibebesha koefisienti za mwisho juu ya zile za mwanzo.