Panga ubavuni: utetezi wa kulazimishwa unaishia wapi

Mimi ni bodaboda Ngarenaro. Watu wakipanda na panga, wakanilazimisha niwapeleke kuvunja duka, nikikamatwa nitapona?

Inategemea panga lilikuwa wapi muda wote. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 17, inamwondolea hatia mtu aliyetenda kosa na wenzake kwa sababu tu wenzake hao walimtishia kumuua au kumdhuru vibaya papo hapo akikataa. Tishio hilo lazima lidumu kwa muda wote kosa linapotendeka, na hapo ndipo wengi wanapoangukia. Wakishuka wote kwenda kuvunja mlango, wakakuacha juu ya pikipiki na ufunguo mkononi na barabara nyeupe mbele yako, wakili wa Serikali atakuuliza kwa nini hukuondoka. Mmoja akibaki amekaa nyuma yako na panga ubavuni, jibu unalo. Ukipokea mgawo baadaye, umejiharibia mwenyewe. Na jambo hili liseme siku ya kwanza, kwenye maelezo ya onyo polisi. Ukilitoa kwa mara ya kwanza kizimbani, litaonekana limetungwa njiani.

Walinitumia meseji kwamba nisipowafichia mali watanichomea nyumba. Si nimelazimishwa?

Hapana. Kifungu hichohicho kinasema vitisho vya madhara ya baadaye havisamehi kosa lolote. Swali hili hurudi kila mara likiwa limebadilishwa nguo tu. Meseji usiifute, ipeleke kituoni kabla mali haijaingia kwako.

Na nikiiba kwa sababu ya njaa? Hakuna aliyenishikia panga, lakini hali ilinilazimisha.

Njaa si mshtakiwa mwenzako. Kifungu cha 17 kinataka tishio litoke kwa mtu mnayetenda naye kosa, na Kanuni yetu haina kifungu cha jumla cha dharura. Ina milango midogo ya namna yake, kama ule wa daktari anayempasua mgonjwa kwa nia njema na uangalifu. Njaa yako isemee kwenye maombi ya kupunguziwa adhabu.

Nasoma sheria Moshi. Kwa nini nchi nyingi zinakataa utetezi huu kwenye mauaji, hata kama mtu angekufa yeye?

Anza na boti ya Mignonette, 1884. Ilizama, mabaharia wanne wakabaki kwenye mtumbwi bila maji, na chakula walichookoa kilikuwa makopo mawili ya tanipu. Siku zilipozidi, nahodha Dudley na mwenzake Stephens walimuua kijana Parker, aliyekuwa hoi, wakamla. Siku chache baadaye wakaokolewa. Majaji wa Uingereza waliuliza: nani apime uhai wa nani una thamani zaidi? Parker hakuchaguliwa kwa kura, alichaguliwa kwa kuwa dhaifu. Walihukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa hadi miezi 6 gerezani. Mwaka 1987 mahakama ya juu ya huko, katika kesi ya Howe, ikafunga mlango na kwa aliyetishwa na mtu: vitisho si utetezi kwa mauaji.

Kesi ya pili inatugusa Arusha. Erdemović, askari aliyeshiriki kuwapiga risasi mateka wa Srebrenica, Bosnia, mwaka 1995, alisema angekataa angesimamishwa nao mstarini. Mwaka 1997 majaji wa rufaa wa mahakama ya kimataifa ya Yugoslavia ya zamani, kitengo kilichohudumia pia mahakama ya Rwanda iliyokuwa hapa kwetu, walimkatalia, watatu kwa wawili. Kulazimishwa, walisema, kutapunguza adhabu tu. Mwishowe alipata miaka 5. Mkataba wa Roma wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, kifungu cha 31, ulikuja kutoufunga mlango huo kwa mauaji.

Sasa lipo jambo ambalo vitabu vinalipita haraka. Hoja ya "hatia ibaki, huruma ije kwenye adhabu" inafaa pale tu jaji anapokuwa na uwezo wa kuchagua adhabu. Kifungu chetu cha 197 kimeweka kifo kuwa adhabu ya lazima kwa mauaji ya kukusudia. Jaji akishakutia hatiani hana cha kupima, na huruma inabaki kwa Rais. Mahakama ya Afrika, inayokaa hapahapa Arusha, ilisema Novemba 2019, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi. Kwa hiyo anayetetea katazo hili nchini anapaswa kutetea pia mabadiliko ya kifungu cha 197.

Kifungu cha 17 hakitaji mauaji kuwa yametengwa, wakati cha 20, cha mke aliyelazimishwa na mumewe aliyekuwepo, kinatenga mauaji na uhaini kwa jina. Andika hilo kwenye mtihani, lakini usimwahidi mteja kitu juu yake.

Bodaboda akiwa nje, mwenye duka akauawa ndani?

Soma kifungu cha 23, nia ya pamoja. Aliyeletwa kwa panga hakuwa na nia moja nao, na hoja ya wakili ianzie hapo, kabla ya kugusa kifungu cha 17. Lakini kama alishajua kazi ya watu hao, na wiki iliyopita aliwabeba kwa hiari, hoja hiyo itamponyoka.