Niliwafundisha kupanga sentensi, sikuwafundisha kuandika

Jumapili iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana anayefundisha darasa la saba huko Mufindi. "Shikamoo mwalimu. Utungaji wanangu wanapata nne kwa nne kila jaribio, ila jana nimewaambia waandike barua ya kuomba ruhusa, darasa zima limekwama. Nifanyeje, na mtihani ni Septemba?" Niliusoma mara tatu. Mimi nilikwama hapohapo kwa miaka, na kilichonizindua kinaniuma mpaka leo.

Nimefundisha Kiswahili darasa la saba wilayani Rungwe kwa miaka kumi na moja. Kuna mwaka darasa langu liliongoza kata nzima. Nilikabidhiwa cheti na bahasha mbele ya wazazi, na mzee mmoja akaniletea mkungu wa ndizi hadi mlangoni. Nilijivuna, na nilikuwa na haki ya kujivuna, maana nilikuwa naingia darasani saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ukungu haujapanda.

Kwa asiye mwalimu, utungaji wa mtihani wa darasa la saba tuliouzoea uko hivi. Mtoto haandiki insha. Anapewa sentensi nne zilizovurugwa, anazipanga kwa kuzipa herufi A, B, C na D, kisha anaweka kivuli kwa penseli kwenye fomu ya OMR. Fomu hizo zilianza kutumika 2012. Watahiniwa siku hizi wanazidi milioni moja, na mashine haisomi insha, inasoma vivuli.

Chukua mfano huu, nimeutunga mwenyewe:

1. Alipofika huko aliuza magunia yote matatu kabla ya saa sita.
2. Hatimaye alirudi nyumbani akiwa na fedha za kununulia sare za watoto.
3. Mama Tumaini alivuna viazi vingi shambani kwake.
4. Jumamosi alikodi gari la kuvipeleka viazi hivyo soko la Mwanjelwa.

Majibu ni C, D, A, B. Sasa tazama nilivyokuwa nafundisha. Sentensi yenye jina kamili la mtu ipe A. Inayoanza na "hatimaye", "hivyo" au "tangu siku hiyo" ipe D. Zimebaki mbili. Tafuta neno linalorudi nyuma, kama "huko" au "viazi hivyo", uone linarudia nini. Sentensi nne zinaweza kupangwa kwa namna 24. Ukishazifunga ya kwanza na ya mwisho zinabaki namna mbili tu, kwa hiyo hata anayebahatisha ana nusu ya nafasi ya kupata zote. Mtoto anamaliza kwa nusu dakika, na hajajua kama Mama Tumaini aliuza viazi au mkaa.

Sisemi zoezi lenyewe ni la kipuuzi. Kujua kwamba "huko" kunahitaji mahali palipotajwa kabla ni maarifa ya lugha. Ila angalia ambacho mtoto hafanyi. Hachagui la kusema, hatafuti sentensi ya kwanza, haweki nukta wala herufi kubwa, hajui aya inaanzia wapi. Kazi hiyo imeshafanywa na mtungaji wa mtihani. Na kwa kuwa haiulizwi, mimi niliiondoa. Silabasi iliitaka insha na barua, lakini kuanzia Januari ya darasa la saba hadi Septemba sikuandikisha insha hata moja. Tulikuwa tunapiga pepa: za wilaya, za mkoa, za miaka iliyopita. Mwaka mmoja nilijaribu kurudisha insha, afisa mmoja akapitia maandalio yangu ya somo na kuniambia mbele ya wenzangu, "Hii haitoki, mwalimu, usiwapotezee watoto muda." Nikanyamaza. Nakasirika kwamba nilinyamaza.

Mwaka uliofuata ule wa cheti, mwalimu mwenzangu wa sekondari ya jirani alinipitia nyumbani na daftari la binti mmoja niliyemfundisha, aliyepata A. Kidato cha kwanza waliambiwa waandike insha kuhusu siku wasiyoisahau. Nayakumbuka maneno yake:

"Kwanza kabisa mama yangu alilima viazi. Baada ya hapo alipalilia. Kisha viazi viliharibika. Hivyo tulihuzunika. Hatimaye tulilala."

Mwenzangu hakunisema. Alikunja daftari akanywa chai. Lakini mimi niliyasikia maneno yangu mwenyewe. Zile alama nilizomfundisha kuzisaka ndizo alizozipanga mstarini, moja kwa kila sentensi, akaamini huko ndiko kuandika. Na mimi nilijua habari ile. Shamba la mama yake liliingiwa na mnyauko, wakang'oa mashina nusu shamba na kuyachoma, na binti alikosa shule siku nne. Moto ule haumo. Harufu ya viazi vilivyooza haimo. Yeye mwenyewe hayumo.

Kwa hiyo, mwalimu wangu wa Mufindi, nisikilize. Usiache sentensi nne, watoto wako watazikuta Septemba. Zitumie ziwe mwanzo wa kazi. Wakishazipanga, waambie waifute ya D, waandike mwisho mwingine wa sentensi tatu. Wiki ijayo waifute ya A. Kuanzisha habari ndiko kunakowatesa zaidi, utawaona wanang'ata kalamu. Waache wang'ate. Halafu kwa mwezi mzima piga marufuku "hatimaye", "hivyo" na "baada ya hapo". Hapo mtoto analazimika kuunganisha mawazo kwa mambo yenyewe, siyo kwa kibandiko.

Utaniambia kuhusu kusahihisha, na una haki. Nilikuwa na watoto 92. Ukitumia dakika tano kwa kila insha ni dakika 460, saa saba na dakika arobaini. Ndiyo maana herufi nne zinatushinda nguvu. Mimi nilikusanya daftari kumi na mbili kila Ijumaa, kwa zamu, na wote waliandika bila kujua zamu ni ya nani. Kwa wiki nane darasa zima limepita mkononi mwangu. Nilikuwa napigia mstari kosa moja tu na sentensi moja nzuri. Ukijaza wino mwekundu ukurasa mzima utaacha wiki ya pili, nimeacha mara mbili.

Nikwambie pia gharama yake. Moko ya wilaya ya kwanza tulishuka, nikaitwa ofisini kujieleza. Kufikia ya pili tulirudi tulipokuwa. Na watoto wasiosoma vizuri njia hii haikuwasaidia kitu, hao niliwatenga asubuhi tukaanza na sentensi moja moja.

Usiseme unasubiri mtaala mpya. Walioanza darasa la tatu kwa mtaala huo 2024 watamaliza msingi darasa la sita 2027, na kama swali la utungaji litabaki la kuweka kivuli, walimu wao watafanya nilichofanya mimi. Wako unao sasa. Ukitaka kujua wako wapi, kesho wape karatasi tupu, wamwandikie bibi barua, na usiwape mfano ubaoni. Kisha hesabu ni wangapi wameanza sentensi kwa "Hivyo".