Kikomo cha malipo kwenye mkeka mrefu wa kubeti

"Wakuu, mkeka wa timu 20 ukitiki, wanalipa odi zote au wanakata?"

Wanakata, na hapo hata hawajakuibia, imeandikwa kwenye vigezo na masharti ambayo hakuna anayesoma. Chukua mechi 20 za odi 1.80, ukizidisha zote unapata kama 127,000, weka buku inakuja kama milioni 127, sasa kikomo cha kampuni kikiwa tuseme milioni 50 basi odi yako ya kweli ni 50,000 tu. Mechi ya 20 hapo haikuongezei hata shilingi, ya 19 nayo inakuongezea kidogo tu, ila zote mbili zinaweza kuchana mkeka vilevile. Na mkeka huohuo ungeuweka kwa shilingi 400 ungepata hiyohiyo milioni 50, ile 600 umewapa bure.

Kujua ni rahisi, badilisha dau kutoka buku kwenda jero, ushindi usiposhuka nusu ujue umeshagonga dari. Ila app nyingine inakuonyesha namba nzima halafu inakata kwenye kulipa, mimi niligundua hivyo baada ya mkeka kutiki, niache tu.

Kuna wanaosema gawa dau kwenye mikeka miwili ili ukwepe kikomo, wako nusu sahihi, maana kampuni nyingi zinajumlisha mikeka inayofanana zinaihesabu mmoja. Na kama kikomo kipo kwenye odi zenyewe sio kwenye pesa, hata kupunguza dau hakukusaidii, punguza mechi.