Kukausha vipande vya nyama nyumbani: fuata mizani, usihesabu siku

Anayeanza kukausha nyama huuliza kwanza, "Inachukua siku ngapi?" Swali hilo halina jibu. Hewa ya leo si ya kesho, na kipande kinene kinaweza kuchukua mara mbili ya muda wa chembamba. Nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja, uanzie hapo.

Chagua nyama isiyo na mafuta. Ya paja inafaa sana. Mafuta hayakauki. Hubaki yalivyo, na baada ya wiki chache hutoa harufu kali inayoharibu mtungi mzima, kwa hiyo yatoe yote kwa kisu. Ukiiweka nyama kwenye friza kwa saa moja hivi ikakaza kidogo, utaikata kwa usawa zaidi. Fuata nyuzi zake ili kipande kisikatike kikining'inizwa. Kwa kukausha kwa hewa, unene wa sentimita moja unatosha. Kwa oveni, kata nusu ya hapo.

Chumvi nayo pima kwa mizani: gramu 25 kwa kilo moja ya nyama, ambayo ni kama kijiko kikubwa kimoja na nusu cha chumvi laini, kilichosawazishwa. Paka kila upande, mwagia siki kidogo, weka kwenye bakuli lenye kifuniko, ulaze kwenye friji hadi kesho yake, ukigeuza mara moja au mbili. Pilipili manga na giligilani ni kwa ladha tu, usizitegemee kuhifadhi nyama. Asubuhi utakuta maji mekundu chini ya bakuli. Yamwage, kisha futa kila kipande kwa kitambaa safi mpaka kisiteleze mkononi.

Sasa nieleze kwa nini nang'ang'ania mizani. Kabla ya kutia chumvi, chukua kipande kinene kuliko vyote, kipime, ukifunge uzi wa rangi. Hicho ndicho shahidi wako. Tuseme kina gramu 120. Nyama isiyo na mafuta ni maji kwa takriban robo tatu, kwa hiyo humo mna gramu 90 za maji na gramu 30 za nyama kavu. Ongeza gramu 3 za chumvi. Mwanzoni chumvi hiyo imeyeyuka katika maji mengi mno, ni kama asilimia 3 tu, na vijidudu vingi havijali. Kikifika gramu 60, maji yaliyobaki ni gramu 27 na ukali wa chumvi ndani yake umepanda hadi asilimia 10. Kikifika gramu 40, maji ni gramu 7 tu, hayatoshi hata kuyeyusha ile chumvi yote. Kwa hiyo chumvi na ukavu hufanya kazi moja, na idadi ya siku peke yake haikwambii umefika wapi.

Nusu ya uzito wa mwanzo ni nyama laini ya kutafuna, lakini bado ni ya friji na ya kuliwa ndani ya siku chache. Theluthi moja ya uzito wa mwanzo ndiyo inayoweza kukaa kabatini. Hiyo ukiikunja hupasuka na kuonyesha nyuzi nyeupe, ila haivunjiki kama kijiti.

Kwenye joto ndiko wengi wanakopotea, kwa sababu hudhani moto mkali huokoa muda. Hewa inayotembea ina kazi kubwa kuliko joto. Ukikausha kwa hewa, tafuta mahali pakavu penye nyuzi 20 hadi 25, washa feni ya polepole, na acha nafasi ya kidole kati ya kipande na kipande. Ukipuliza upepo mkali au joto jingi mapema, nje hufanya ganda gumu na maji ya ndani hukosa njia. Ubonyeze kwa kidole: juu ni kama ngozi, katikati panabonyea. Huko katikati ndiko kunakoharibika, na mizani itakuonyesha, maana uzito utakuwa umegoma kushuka huku shahidi bado yuko juu ya gramu 60.

Kama unatumia oveni au mashine ya kukaushia, weka nyuzi 60 hadi 65, na mlango wa oveni uachwe wazi kidogo mvuke utoke. Sipendi kabisa kuona nyama mbichi ikikaa kwenye nyuzi 30 hadi 45. Hapo haikauki haraka, na bakteria hustawi. Msimu wa mvua, hewa ikiwa nzito na nguo hazikauki ndani ya nyumba, usitundike nyama. Tumia oveni au subiri.

Jambo moja la usalama: kukauka hakuui bakteria wote, na waliokwisha kukaushwa huwa wagumu zaidi kwa joto. Njia ya uhakika ni kupasha vipande kwanza, vikiwa bado na maji, mpaka ndani vifike nyuzi 71 kwa kipimajoto, ndipo ukaushe. Ladha hubadilika kidogo. Kwa watoto wadogo, wajawazito, wazee na wagonjwa, nisingewapa ambayo haikupashwa.

Nzi ni tatizo la siku ya kwanza hasa. Chumvi na siki haviwafukuzi. Wanachotafuta ni unyevu juu ya nyama, na hutaga kwenye mikunjo na pale ndoano ilipopenya. Mayai yao ni kama punje ndogo nyeupe zilizobanana, na kwenye joto huweza kutoa mabuu ndani ya siku moja. Tundika jioni, nzi wakiwa wametulia, na feni ifanye kazi usiku. Kufikia asubuhi ngozi ya juu itakuwa imeshika. Zungushia wavu wenye matundu madogo, lakini usiuache uguse nyama, kwa sababu nzi hutaga kupitia wavu bila shida. Dawa ya kupuliza ya wadudu isikaribie hapo. Kipande chenye mayai katupe, usikisuuze ukakirudisha.

Nyama ikikauka, iache ipoe kabisa kabla ya kuifungia, la sivyo mvuke wake utageuka maji ndani ya chombo. Jaza mtungi wa kioo nusu, funga, uuache usiku mzima. Asubuhi tazama sehemu ya juu ya kioo. Ukiona ukungu wa maji, hata kidogo, rudisha vipande kwenye feni na ujaribu tena, maana vilivyo vikavu vimekuwa vikinyonya unyevu wa vile vibichi. Mfuko wa plastiki kwa nyama ambayo haijapita jaribio hili ni kukaribisha kuvu.

Mara nyingine utaona weupe juu ya nyama. Gusa kwa kidole kilicholowa: ukiyeyuka, ni chumvi iliyotoka nje, kula tu. Ukiwa na manyoya, au rangi ya kijani au nyeusi, au harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, hiyo ni kuvu. Tupa pamoja na vipande vilivyogusana nayo, na vilivyobaki vikague kimoja kimoja. Kukwangua hakutoshi, mizizi yake huingia ndani. Ya kukaa zaidi ya wiki kadhaa gawanya kwenye vifurushi vidogo vya mlo mmoja, uweke kwenye friza, na kila kifurushi ukifungue kikishafikia joto la chumba ili umande usitue juu ya nyama.