Je, utumwa ulikuwa mbaya hata wengi walipoukubali?

"Rafiki yangu anasema mema na mabaya ni makubaliano ya watu tu, maana kila jamii ina yake. Nimjibuje?"

Ndugu yangu, anza na utumwa. Kwa karne nyingi sheria ziliuruhusu. Kama ubaya ni makubaliano tu, basi waliotangulia kuupinga ndio waliokosea, na kuufuta kulikuwa kubadili desturi, si kurekebisha uovu. Mimi hilo silikubali hata kidogo, na wengi niliojadiliana nao husita wakifika hapo. Tena kutofautiana peke yake hakuthibitishi kitu: watu walibishana kuhusu umbo la dunia, nayo ikabaki duara.

Ila usidhani umemaliza. Mwanafalsafa J. L. Mackie, mwaka 1977, alitoa hoja ngumu zaidi: tukisema "ni vibaya" tunadai kuna ukweli usiotegemea maoni, lakini ukweli huo haupo, kwa hiyo sote tunakosea. Mfano wa utumwa haumwangushi, kwa sababu yeye atauliza ukweli huo uko wapi na tunautambuaje. Hapo mimi hutaja hesabu: 7 ni namba tasa, na haikupigiwa kura. Rafiki yako akijibu kwamba namba haimwamuru mtu atende lolote, msikilize vizuri, kwa sababu hapo amegusa penyewe.