Kiti cha Mwisho Kisiuzwe kwa Watu Wawili

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba ukurasa wake wa kuuzia tiketi za kongamano uliuza tiketi 43 za VIP ilhali viti vilikuwa 40, na sasa mwandalizi anamdai fidia. Ninamjibu kwa urefu, kwa sababu ukurasa nilioutengeneza hivi karibuni uliuza viti vyote vya tamasha bila kuzidisha hata kimoja, na ninaona fahari kueleza ulivyofanya kazi.

Tukitazame kiti cha 40. Wanunuzi wawili wanabonyeza kitufe cha kununua karibu kwa wakati mmoja. Programu inasoma idadi iliyobaki kwa ajili ya wa kwanza na kukuta 1. Kabla haijaipunguza, inaisoma tena kwa ajili ya wa pili na kukuta 1 ile ile, hivyo wote wawili wanaruhusiwa kulipa. Ukijaribu ukurasa peke yako, kasoro hii haitaonekana. Hujitokeza mauzo yanapofunguliwa na watu kuingia kwa wingi.

Dawa yake ni kuiachia hifadhidata ikague na kupunguza kwa amri moja:

```sql
UPDATE aina_tiketi
SET zilizobaki = zilizobaki - 1
WHERE id = 2 AND zilizobaki >= 1;
```

Kisha angalia ni mistari mingapi ya jedwali iliyobadilika. Ikiwa ni 1, kiti kimepatikana. Ikiwa ni 0, mnunuzi aambiwe kabla hajalipa kwamba tiketi za aina hiyo zimekwisha. Mteja mmoja aliwahi kuniambia kwamba ninampotezea muda kwa jambo dogo kama hili, akampa kazi mtu mwingine, na mpaka leo maneno yale yananiuma. Anayepokea fedha za watu kwa ajili ya kiti ana wajibu wa kuhakikisha kwamba kiti hicho kipo.

Kiti kilichopatikana kishikiliwe kwa muda, tuseme dakika 10, kisha kirudishwe sokoni ikiwa hakijalipiwa. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu malipo yanaweza kufika dakika ya 11, kiti kikiwa kimekwisha kuchukuliwa na mwingine. Malipo yaliyochelewa yasizae tiketi moja kwa moja: endesha tena amri ile ile, na ikileta 0, mrudishie mnunuzi fedha zake.

Msimbo wa kuingilia nao utengenezwe baada ya seva ya malipo kuthibitisha, wala si kwa sababu tu mnunuzi amefika kwenye ukurasa wa shukrani. Taarifa ya malipo huweza kuja mara mbili kwa oda moja. Kwa hiyo, ikiwa kila oda ni ya tiketi moja, weka `UNIQUE` kwenye namba ya oda katika jedwali la misimbo, ili taarifa ya pili isizae msimbo mwingine. Uhifadhi msimbo kwanza, ndipo utume barua pepe, na mnunuzi akilalamika kwamba haikumfikia, atumiwe msimbo ule ule uliohifadhiwa.